Kwa nini mfupa ni mweupe na hewa ni nyeusi kwenye picha ya eksirei: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huuliza wakishapewa picha yao hospitali, wakiiinua juu kwenye mwanga wa dirisha au wakitumiwa kwenye simu. Majibu ni ya kujifunza tu, picha yako wewe isomwe na daktari aliyekuona.

Huo weupe wa mfupa unatoka wapi, mfupa ndo unang'aa?

Hapana, mfupa hautoi mwanga wowote na wala haurudishi mionzi kwenye mashine. Watu wengi wanawaza kwamba eksirei ni kama kamera ya kawaida, kwamba mionzi inaenda inagonga mfupa inarudi, sasa hapo ndo kila kitu kinachanganyika. Mashine inakaa upande mmoja wa mwili na filamu au sahani ya kupokelea inakaa upande wa pili, mionzi inapita katikati yako, na picha inatengenezwa na ile mionzi iliyofanikiwa kutoka upande wa pili.

Filamu kabla haijapigwa mionzi, ukiisafisha kwenye dawa, inabaki angavu, ukiiweka kwenye boksi la taa unaona nyeupe tu. Mionzi ikifika mahali, pale panakuwa peusi. Ikifika mingi panakuwa peusi tititi, ikifika kidogo panakuwa kijivu, isipofika kabisa panabaki peupe. Kwaiyo weupe wa mfupa ni alama ya mionzi ambayo HAIKUFIKA. Ukishika hilo moja, maswali mengine yote hapa chini yanajijibu nusu yake.

Sa kwa nini panapofikiwa na mionzi pawe peusi? Si ingekuwa vizuri pang'ae?

Ni kwa sababu ya kemia ya filamu. Filamu ina chembechembe za madini ya fedha yaliyochanganyika na bromini, chembe iliyopata mwanga ikiingia kwenye dawa ya kusafishia inageuka kuwa fedha tupu, na fedha ikiwa chembe ndogondogo namna hiyo haing'ai kama pete, inaonekana nyeusi. Wale waliowahi kwenda studio ya picha zamani wanakumbuka negativu, nywele nyeupe na meno meusi. Picha ya eksirei ni negativu ambayo haikusafishwa tena kuwa picha ya karatasi, madaktari wakazoea kuisoma hivohivo.

Na sio kwamba imekuwa hivyo siku zote. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi hii kule Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na Desemba mwaka huohuo akaupiga picha mkono wa mkewe Bertha. Ukiitafuta ile picha maarufu utaona mifupa ni MYEUSI, na pete kidoleni ni nyeusi zaidi, kwa sababu walitoa nakala ya karatasi kutoka kwenye ile negativu, rangi zikageuka. Vilevile kwenye skrini za zamani zilizokuwa zinawaka mionzi ikizigonga, daktari akimwangalia mgonjwa moja kwa moja, mifupa ilikuwa kivuli cheusi na mapafu yanawaka. Zote ni sahihi. Nyeupe kwa mfupa ni mazoea yaliyotokana na filamu, na kompyuta za leo ambazo zingeweza kuweka rangi yoyote zimeendelea nayo ili macho ya wasomaji yasichanganyikiwe.

Mfupa una nini hasa mpaka unazuia mionzi, ni kwa vile ni mgumu?

Ugumu hauhusiki hata kidogo. Kuna plastiki ngumu huwezi kuivunja kwa mkono na kwenye eksirei haionekani. Kinachohesabika ni vitu viwili, atomu za aina gani na zimesongamana kiasi gani.

Tuanze na aina. Nyama, damu, ngozi, figo, vyote vimejengwa kwa haidrojeni, kaboni, naitrojeni na oksijeni, atomu ndogondogo, oksijeni ambayo ni kubwa kati ya hizo ina protoni 8. Mfupa nao una hizohizo ila umejazwa madini ya kalsiamu na fosforasi, kalsiamu ina protoni 20, fosforasi 15. Ukisikia tofauti ya 8 na 20 unaweza kudhani ni mara mbili na nusu tu, lakini mionzi haihesabu hivyo.

Fotoni, yaani chembe moja ya mionzi, ikiingia mwilini inaweza kufa kwa njia mbili ambazo zinatuhusu. Ya kwanza inamezwa yote: inagonga elektroni iliyo ndani kabisa karibu na kiini cha atomu, elektroni inang'oka, fotoni imekwisha, habari yake hakuna tena. Ya pili inagonga elektroni ya nje ambayo haijashikiliwa sana, inapoteza nishati kiasi na inarushwa kando, inaendelea na safari ila kwa mwelekeo mwingine. Ile ya kumezwa ndiyo inayotofautisha mfupa na nyama, kwa sababu uwezekano wake unapanda kwa takriban protoni kipeo cha tatu. Ukichukua wastani wa atomu zote, nyama ni kama ina protoni 7.4 na mfupa kama 13, gawanya halafu zidisha mara tatu yenyewe kwa yenyewe unapata zaidi ya mara 5, gramu kwa gramu. Halafu ongeza kwamba mfupa mgumu wa nje umesongamana karibu mara mbili ya maji, yaani ndani ya sentimita moja ile ile kuna gramu nyingi zaidi. Vyote viwili vinazidishana, ndo maana tofauti inakuwa kubwa hivyo.

Ile njia ya pili, ya kurushwa kando, haijali sana aina ya atomu, inajali msongamano tu. Na zile fotoni zilizorushwa kando zikitua kwenye picha zinatua mahali pasipo pake, picha inakuwa na ukungu. Ndo sababu mbele ya sahani ya kupokelea huwa wanaweka wavu wenye vipande vyembamba vya madini ya risasi, unazipitisha zinazokuja moja kwa moja na kuzinasa zinazokuja kwa pembeni.

Na hewa je, atomu zake ni dhaifu?

Swali hili nalipenda sana manake jibu lake huwashangaza watu. Atomu za hewa sio dhaifu. Hewa ni naitrojeni na oksijeni, wastani wake ni kama protoni 7.6, maji ni kama 7.4, yaani gramu moja ya hewa na gramu moja ya maji zinazuia mionzi karibu sawasawa kabisa. Tofauti iko kwenye msongamano peke yake. Lita moja ya maji ni kilo moja, lita moja ya hewa ni gramu 1 na kitu hivi, yaani maji yamesongamana zaidi ya mara 800. Fotoni ikipita kwenye hewa ya sentimita 10 inakutana na atomu chache mno, inapita kama hakuna kitu, inafika kwenye filamu na kupaweka weusi.

Kwaiyo mfupa ni mweupe kwa sababu mbili (aina ya atomu na msongamano), hewa ni nyeusi kwa sababu moja tu. Naomba ulitofautishe hilo maana utalihitaji tukifika kwenye mapafu.

Mafuta nayo yako katikati, yana kaboni nyingi kuliko oksijeni na yanaelea juu ya maji, ndo maana yanaonekana kijivu cheusi kidogo kuliko misuli. Ukiangalia picha ya mguu vizuri utaona mstari wa kijivucheusi chini ya ngozi kabla ya kufika kwenye misuli, hayo ni mafuta. Ukipanga kutoka nyeusi kwenda nyeupe unapata hewa, mafuta, maji na nyama, mfupa, chuma.

Tunaweza kuona kwa namba?

Ndio, tena twende pole pole. Mtoto kaanguka kwenye mwembe, mkono umevimba chini ya kiwiko, anapigwa picha. Tuseme mkono una unene wa sentimita 6 pale, na mashine imewekwa karibu kilovolti 55, hapo fotoni nyingi zina nishati ya kiloelektronivolti 30 na kidogo. Nachukua 30 kamili ili hesabu iwe nyepesi, na nyama naihesabu kama maji.

Sheria yenyewe ni hii:

```
I = I0 × e^(-μx)
```

I0 ni fotoni zilizoingia, I ni zilizotoka, e ni namba isiyobadilika, 2.718 hivi, x ni unene kwa sentimita, na μ ni kiasi gani kitu hicho kinazuia kwa kila sentimita. Kwa nishati hiyo, μ ya maji ni kama 0.376, ya mfupa mgumu ni kama 2.56, ya hewa ni 0.0004.

Tutume fotoni 1000 kila mahali. Pembeni ya mkono, pale penye hewa tupu, zinafika 997 au 998, karibu zote. Pale penye nyama tupu sentimita 6, zinafika kama 105. Pale ambapo kuna nyama sentimita 5 na mfupa sentimita 1, zinafika kama 12.

Angalia hizo namba: 1000, 105, 12. Pembeni peusi kabisa, nyama kijivu, mfupa mweupe. Na angalia tena, nyama yenyewe imezuia karibu fotoni 900, sio kwamba nyama haizuii mionzi kama wengi wanavosema. Nyama inazuia sana, ila ikiwa imesimama jirani ya mfupa ndo inaonekana kama inapitisha. Picha ya eksirei siku zote ni ulinganisho wa mahali na jirani yake.

Mbona katikati ya mfupa mrefu pana weusi weusi na kingo zake ndo nyeupe zaidi? Umeoza ndani?

Haujaoza, ndivyo mfupa ulivyo. Mfupa mrefu ni bomba, ganda gumu nje na uboho ndani, uboho ni laini na una mafuta mengi.

Sasa chora duara lenye upana wa milimita 14 na ndani yake duara lingine, ganda likiwa na unene wa milimita 3. Mionzi inayopita katikati kabisa inakatiza ganda la juu milimita 3 na la chini milimita 3, jumla 6. Ile inayopita pembeni, ikigusa tu ukuta wa ndani bila kuingia kwenye uboho, inasafiri ndani ya ganda peke yake kwa karibu milimita 11 na nusu. Ganda ni lilelile, madini ni yaleyale, ila pembeni njia ni karibu mara mbili. Ndo maana kingo zinakuwa nyeupe zaidi.

Hapa ndo napenda msomaji atulie kidogo. Picha ya eksirei haikuonyeshi kitu kimoja kimoja, inakuonyesha JUMLA ya kila kitu ambacho mionzi ilipitia kwenye mstari mmoja, kuanzia ngozi ya mbele mpaka ya nyuma. Pikseli moja nyeupe inaweza kuwa mfupa mdogo, au nyama nene sana, au vitu vitatu vilivyopangana mmoja nyuma ya mwingine. Picha peke yake haikwambii ni kipi.

Kama mfupa ni mweupe, mbona kwenye picha ya kifua mbavu zimefifia?

Kwa sababu wamezifanya zififie makusudi. Kifua mara nyingi kinapigwa kwa kilovolti 110 mpaka 125, mara mbili ya zile za mkono. Fotoni zikiwa na nguvu nyingi, ile njia ya kumezwa inapungua haraka sana (inashuka kwa takriban kipeo cha tatu cha nishati), inabaki zaidi ile ya kurushwa kando ambayo tulisema haijali sana kama ni kalsiamu au oksijeni. Faida ya mfupa inapungua.

Turudie mkono wetu uleule kwa fotoni za kiloelektronivolti 60. μ ya maji inashuka mpaka 0.206 hivi na ya mfupa mpaka 0.60. Nyama tupu sasa inapitisha fotoni 290 kati ya 1000, na penye mfupa zinapita 196. Mwanzo ilikuwa 105 kwa 12, karibu mara tisa, sasa ni 290 kwa 196, hata mara mbili haifiki. Mfupa ni uleule, mtoto yuleyule, tumebadilisha kitufe tu.

Kwenye kifua hilo ndilo linalotakiwa, manake daktari anataka kuona mapafu yaliyo nyuma ya mbavu na moyo. Kwenye mkono wanataka kuona ufa, kwaiyo wanashusha kilovolti. Ndo sababu picha ya kifua sio picha nzuri ya kutafutia mbavu iliyovunjika, na mtu akiambiwa "kifua kiko sawa" wakati bado ubavu unamuuma akibonyeza, ubavu unaweza kuwa na ufa kweli.

Wameona weupe kwenye pafu langu. Kuna mfupa umeota?

Karibu kila mara hapana. Pafu ni jeusi kwa sababu ya hewa tu, na tulishasema hewa ni nyeusi kwa sababu moja tu, msongamano mdogo. Hewa ikitoka na mahali pake pakaingia kitu chenye msongamano wa maji, iwe usaha wa nimonia, damu, maji ya moyo kushindwa kufanya kazi au uvimbe, pale panakuwa peupe kuliko pafu lililo jirani. Hakuna haja ya kalsiamu yoyote. Na kibaya ni kwamba hivyo vyote vina msongamano karibu mmoja, eksirei haiwezi kukwambia kwa weupe peke yake kama ni usaha au damu au maji. Daktari anaangalia umbo, mahali ulipo, na anakuuliza homa, kikohozi, umepungua kilo, anapima makohozi kama anahisi kifua kikuu. Mtu akiangalia picha pekee na kukwambia kwa uhakika ni ugonjwa gani bila hata kukuuliza, mimi ningetafuta daktari mwingine.

Kuna ujanja mmoja mzuri sana unaotokana na haya. Ukingo wa moyo unaonekana kwa sababu moyo (maji) umepakana na pafu (hewa). Kama kipande cha pafu kilichogusana na moyo kimejaa usaha, sasa maji yamepakana na maji, ukingo unapotea. Ukingo wa kulia wa moyo ukifutika, daktari anajua tatizo liko sehemu ya kati ya pafu la kulia maana ndiyo inayogusa pale. Weupe ukiwa upande huohuo lakini ukingo wa moyo bado unaonekana vizuri, basi tatizo liko nyuma zaidi, kwenye sehemu ya chini ya pafu. Kwaiyo kwa kutoweka kwa mstari mmoja unajua mbele au nyuma kwenye picha ambayo haina mbele wala nyuma.

Maji yaliyo nje ya pafu, kati ya pafu na ukuta wa kifua, mgonjwa akisimama yanashuka chini na kuziba ile kona kali pembeni ambapo kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinakutana na mbavu. Kwenye picha ya kutoka mbele yanatakiwa yafike kama mililita 200 ndo kona ionekane imezibwa. Mgonjwa akipigwa amelala, maji hayohayo yanatandaa mgongoni na upande mzima unakuwa na ukungu mwepesi, hakuna kona wala mstari, rahisi sana kupitwa.

Na ile amri ya "vuta pumzi, zuia" unayopewa ina kazi hiyohiyo. Usipovuta vizuri hewa inakuwa kidogo, sehemu za chini za mapafu zinabanana na kuwa nyeupe, mtu anaweza kuandikiwa nimonia ambayo hana.

Basi weusi mwingi kifuani ni habari njema?

Sio lazima. Pafu zima lina hewa lakini pia lina mishipa ya damu inayosambaa kama matawi meupe mpaka karibu na ukingo. Hewa ikivuja ikakaa nje ya pafu, pafu linasinyaa, pale pembeni panakuwa peusi bila tawi hata moja na unaona mstari mwembamba mweupe ambao ni ngozi ya pafu lenyewe. Weusi wa hewa ndani na weusi wa hewa nje ni uleule, kinachotofautisha ni huo mstari na kukosekana kwa mishipa.

Vivyohivyo tumboni. Hewa ndani ya utumbo ni kawaida. Hewa ikionekana kama mwezi mwembamba mweusi chini ya kiwambo upande wa kulia, juu ya ini, mgonjwa akiwa amesimama, hiyo mara nyingi maana yake utumbo au tumbo la chakula limetoboka, na kama hajatoka kufanyiwa upasuaji siku za karibuni ni dharura.

Mwiba wa samaki umenasa kooni, eksirei haikuonyesha kitu, lakini bado unachoma. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Mwiba una kalsiamu ila ni mwembamba mno, x yake kwenye ile hesabu ni sehemu ndogo ya milimita, halafu umezungukwa na sentimita nyingi za shingo. Jumla inabadilika kidogo sana hata jicho halioni. Picha safi haimaanishi hakuna mwiba, kama unaendelea kuchoma rudi waangalie koo kwa kamera.

Kibanzi cha mti kina kaboni, oksijeni na haidrojeni kama nyama, kwaiyo kinapotea ndani ya nyama, plastiki nayo hivyohivyo. Hizo zinatafutwa kwa ultrasaundi. Kipande cha chupa watu wanasema hakionekani kwa vile ni kiangavu, hiyo sio kweli, uangavu ni habari ya macho na mwanga wa kawaida. Kioo kimesongamana mara mbili na nusu ya maji na kina silikoni yenye protoni 14, kinaonekana karibu kila mara isipokuwa kikiwa kidogo sana.

Sarafu inaonekana nyeupe kuliko mfupa wowote, chuma kina protoni 26, shaba 29, na vimesongamana zaidi ya mara 7 ya maji. Hapa naomba wazazi msome vizuri: betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya rimoti, kwenye picha inafanana sana na sarafu. Dalili yake ni duara mbili, ukingo wa pili mwembamba ndani ya ule wa nje, kwa sababu betri imejengwa kwa vipande viwili vilivyofunikana. Betri ikikwama kwenye koo la chakula inaanza kuunguza ndani ya saa 2, kwaiyo mtoto akimeza "sarafu" ambayo hamkuiona kwa macho, usisubiri kesho.

Ufa kwenye mfupa unatakiwa uwe mweusi au mweupe?

Vyote vinatokea. Vipande vikiachana, katikati hakuna madini, fotoni zinapita zaidi, unaona mstari mweusi. Vipande vikigandamizwa kimoja ndani ya kingine, mionzi inapita kwenye mfupa mara mbili na unaona mstari MWEUPE kuliko mfupa wenyewe.

Na kuna ufa usioonekana kabisa. Mstari mweusi unahitaji mionzi ipite sambamba na ufa. Ufa ukiwa umelala kwa ulalo, kila mionzi inakatiza mfupa mzima na nafasi nyembamba tu, tofauti inapotea. Ndo maana hawapigi picha moja, wanapiga mbili zilizoachana nyuzi 90. Kuna mfupa mdogo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, unasifika kwa hili: mtu kaanguka akajikinga na kiganja, picha ya siku ya kwanza safi, maumivu yapo. Wanamfunga plasta (hogo), baada ya siku 10 mpaka 14 wanarudia, na hapo mwili umeshaondoa madini kidogo kwenye kingo za ufa, pengo limepanuka, sasa linaonekana.

Kwa sababu hiyohiyo eksirei ya kawaida haifai kugundua mapema mifupa iliyopungua madini. Mfupa unatakiwa upoteze kama theluthi ya madini au zaidi ndo jicho lione umekuwa kijivu.

Picha yangu yote imekuwa nyeupe nyeupe, au mifupa imetoka myeusi. Mashine mbovu?

Kwenye filamu, mionzi ikiwa michache picha nzima inabaki nyeupe, ikizidi inakuwa nyeusi, unajua palepale. Kwenye mashine za kidijitali kompyuta inasawazisha mwanga yenyewe, mionzi ikiwa michache picha haiwi nyeupe ila inakuwa na chengachenga, na ikizidi picha inatoka nzuri tu huku mgonjwa kapata mionzi ambayo hakuihitaji. Kwaiyo kidijitali huwezi kupima kwa weupe, mpiga picha anaangalia namba ya kipimo ambayo mashine inaitoa kila picha.

Mifupa kuwa myeusi ni mpangilio wa skrini tu. Programu nyingi zina kitufe cha kugeuza rangi na madaktari wengine wanakitumia makusudi. Ukifungua faili mwenyewe kwenye kompyuta ukakuta imegeuka, angalia mahali palipoandikwa `PhotometricInterpretation`: ikiwa `MONOCHROME1` maana yake namba ndogo ndo nyeupe, ikiwa `MONOCHROME2` namba ndogo ndo nyeusi, na programu zisizosoma hilo zinageuza picha. Hakuna kilichoharibika.

Rangi hizi ni zilezile kwenye siti skani na MRI?

Siti skani ndio, inatumia mionzi ileile, mfupa mweupe hewa nyeusi, tofauti ni kwamba inapiga kutoka pande zote na kompyuta inaitenganisha ile jumla, kila mahali panapata namba yake, maji 0 na hewa -1000. MRI hapana. Yenyewe inatumia sumaku na inasikiliza haidrojeni, ganda gumu la mfupa halitoi sauti ya kutosha, kwaiyo hapo mfupa ni mweusi na hewa pia ni nyeusi, na kwenye picha nyingi ule uboho wenye mafuta katikati ya mfupa ndo unaong'aa.